Pesa Zako, Kalenda Yao

Usiku mmoja wa Jumanne, nikiwa nimelala chali kwa bedsita yangu Umoja, nilishinda shilingi 3,200,000. Nilikuwa nazungusha sloti kwa kasino ya mtandaoni, dau la shilingi 200. Skrini ikajaa dhahabu, simu ikatetemeka, na salio likabadilika kutoka tarakimu nne kuwa tarakimu saba. Nilikaa kitandani nikiangalia hiyo nambari hadi muadhini akaanza kuadhini.

Wiki tisa baadaye salio lilikuwa sufuri. Katika hizo wiki tisa, pesa iliyofika kwa M-Pesa yangu ilikuwa shilingi 650,000. Hizo nyingine 2,550,000 zilirudi zilikotoka, na aliyezirudisha ni mimi mwenyewe, kwa kidole changu cha gumba.

Najua utakachosema, kwa sababu nimeshaambiwa na kila mtu, kuanzia kinyozi wangu hadi pasta wa dadangu. Kamari ni mbaya, ulitaka utajiri wa haraka, pole. Sawa. Lakini hebu tuweke hilo kando kidogo, kwa sababu mahubiri ya kamari yamekuwa pazia. Tunabishana kama kijana abeti au asibeti, na nyuma ya hilo pazia kuna kifungu cha sheria za kampuni ambacho hakuna anayekisoma. Kifungu hicho kinaamua kwamba hata ukishinda, hujashinda bado. Nataka kuongea kuhusu hicho.

Asubuhi ile nilimpigia mama, Kitale. Nikamwambia nimeshinda pesa. Hakuuliza nimeshinda vipi. Aliuliza ni ngapi, akanyamaza, kisha akaanza kupanga: nyumba ile iliyokwama kwenye linta, karo ya dadangu mdogo, deni la ng'ombe. Nikamwambia atulie kwanza, pesa hazijatoka.

"Ziko wapi?"

"Ziko kwa akaunti, mama. Naziona."

"Unaziona lakini huwezi kuzishika?"

"Watanilipa kidogo kidogo. Laki moja kwa wiki."

"Basi, mwanangu," akasema, "hizo bado ni zao."

Nilimcheka. Mama hajawahi kufungua ukurasa wa sheria na masharti maishani mwake, na alikuwa ameuelewa kuniliko.

Haya ndiyo niliyoyakuta nilipobonyeza kutoa pesa. Kwanza niliambiwa nithibitishe mimi ni nani. Wakati wa kuweka pesa hawakutaka kunijua. Nambari ya simu na PIN zilitosha, na pesa ziliingia kabla sijaweka simu chini. Wakati wa kutoa walitaka kitambulisho mbele na nyuma, picha yangu nikiwa nimekishika, na barua yenye anwani ya ninapoishi. Mimi naishi bedsita, stima ni tokeni, maji ni ya mtungi. Barua yenye anwani nitoe wapi? Hilo lilichukua siku sita.

Kisha nikaonyeshwa kikomo. Kwa mteja wa kawaida, tovuti ile iliruhusu kutoa hadi shilingi 400,000 kwa wiki. Lakini kulikuwa na kifungu kingine, chini zaidi: mtu ambaye ushindi wake unazidi mara 10 ya jumla ya pesa alizowahi kuweka atalipwa shilingi 100,000 kwa wiki. Mimi tangu nijiunge nilikuwa nimeweka jumla ya 84,000. Mara 10 ni 840,000. Kwa hiyo nilikuwa nimeshinda kupita kiasi, na adhabu ya kushinda kupita kiasi ilikuwa wiki 32.

Soma hicho kifungu tena polepole. Hakimgusi anayepoteza. Unaweza kupoteza mara 100 ya ulichowahi kushinda, na hakuna atakayekuambia, "Tulia buda, tutachukua laki moja tu kwa wiki." Kimeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja peke yake: aliyewashinda.

Tutenganishe mambo matatu hapa, maana hata mimi nilikuwa nayachanganya. La kwanza ni kikomo cha malipo. Hiki kinasema, haijalishi hesabu ya dau lako inakupa ngapi, hatulipi zaidi ya kiasi fulani. Ukiunganisha mechi 18 kwa mkeka mmoja na hesabu ikatoa milioni 60, na kikomo cha kampuni ni milioni 20, basi milioni 40 hazijawahi kuwepo. Zilikuwa mapambo. La pili ni kikomo cha kutoa kwa wiki au kwa mwezi. Hapa hakuna anayekana kwamba pesa ni zako. Mlango tu ndio mwembamba. La tatu ni jakpoti kulipwa kwa mafungu: kampuni inasema ushindi unaozidi kiasi fulani utagawanywa, tuseme, mara 10 au mara 24, mwezi baada ya mwezi.

Kuhusu la kwanza, nitawapa kampuni haki yao. Anayeuza mikeka lazima ajue hasara yake kubwa zaidi inaweza kuwa ngapi, la sivyo Jumamosi moja ambapo timu zote kubwa zinashinda itamfunga biashara, na hapo hata mshindi wa elfu tano hatalipwa. Kikomo cha malipo kinaweza kuwa cha haki. Kina sharti moja tu: nikione kabla sijaweka pesa. Ile ile kompyuta inayonionyesha "utashinda milioni 60" inajua kikomo ni milioni 20. Inashindwa nini kuandika milioni 20? Haishindwi. Milioni 60 ndizo zinazonifanya niongeze mechi ya 18, na mechi ya 18 ndiyo inayochana mkeka.

Lakini la pili na la tatu ni jambo lingine kabisa. Hapa hatari imeshapita. Mchezo umeisha, mshindi amejulikana, deni limeshazaliwa. Kinachobaki ni kulipa.

Watakuambia sababu ni mitambo ya malipo. Huyo wa kastoma kea aliniambia hivyo, kwa Kiingereza cha adabu sana. Mimi nilifanya hesabu. M-Pesa leo inaruhusu shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na akaunti inaweza kukaa na hadi 500,000. Kwa hiyo hata kama hawangekuwa na njia nyingine yoyote duniani, wangenitumia mara mbili asubuhi, mimi nihamishie benki, na kesho yake tena. Kwa siku saba milioni 3.2 zingekuwa zimeisha. Na benki nayo? Kenya tangu 2009 hairuhusu cheki ya kuanzia milioni moja kwenda juu. Pesa kubwa hupita kwa mfumo wa malipo makubwa baina ya benki, ambao hufikisha pesa siku hiyo hiyo. Watu wananunua magorofa Kilimani kwa njia hiyo. Milioni 3.2 kwa mfumo huo ni kama kuvuka barabara.

Kwa hiyo mitambo si sababu. Sababu ni kwamba pesa inayosubiri ina faida kwa anayeishikilia, na faida hiyo iko ya aina mbili.

Ya kwanza ni ndogo, ila inakera. Pesa yangu ingekaa kwao wiki 31 ikipungua laki moja moja. Tuseme pesa inazaa asilimia 10 kwa mwaka. Ukijumlisha salio la kila wiki na kulipigia hesabu, wao wangepata karibu shilingi 95,000 kutokana na pesa yangu, na mimi ningepata sufuri. Linganisha na Fuliza. Ukikopa kwa Fuliza pesa ya unga na nauli ukachelewa kulipa, unatozwa kila siku hadi ulipe. Mimi nadai milioni, na siku zinapita bure kama maji ya mtaro. Hapa Nairobi mlalahoi akidaiwa, muda una bei. Mlalahoi akidai, muda hauna bei. Lendilodi jaribu kumwambia utamlipa kodi kwa mafungu ya wiki 32 kwa sababu ya "sera ya ndani" uone kama hutalala nje na godoro lako.

Faida ya pili ndiyo kubwa, na ndiyo iliyonimaliza. Pesa inayosubiri kutolewa haijaondoka mezani. Inakaa kwa salio lile lile unalochezea. Huhitaji kuingiza PIN, huhitaji kwenda kwa ajenti, huhitaji hata kuona haya. Unagusa tu.

Wiki tatu za kwanza nilikuwa mtakatifu. Nilitoa laki moja kila Jumatano, jumla 300,000, nikabaki na 2,900,000. Wiki ya nne mjomba akanipigia. Kulikuwa na ploti karibu na kwetu, mwenyewe anataka amana ya 400,000 ndani ya siku kumi, kuna mnunuzi mwingine. Nikaandikia kastoma kea. Nikabembeleza. Nikajibiwa kwamba wanaelewa, ila sera ni sera, isipokuwa niwe mwanachama wa daraja la dhahabu. Wanachama wa dhahabu hutoa hadi 250,000 kwa wiki.

Daraja la dhahabu hupatikanaje? Kwa kucheza. Unatakiwa uwe umeweka madau ya jumla ya shilingi 10,000,000.

Hapa ndipo nataka usome kwa makini, kwa sababu huu ndio moyo wa biashara. Milioni 10 ukiisikia haraka inaonekana haiwezekani, lakini ni jumla ya madau, si pesa mpya. Pesa ile ile inazunguka. Ukizungusha sloti kwa dau la 2,000, unahitaji mizunguko 5,000. Mzunguko mmoja ni sekunde tatu hivi. Ni kama saa nne za kubonyeza. Sasa, sloti nyingi hurudisha kwa wachezaji karibu 96 kwa kila 100 inayowekwa, ukiangalia muda mrefu. Nne zinabaki kwa nyumba. Nne kwa mia ya milioni 10 ni 400,000. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya kadi ya dhahabu, wastani, hata nisingekuwa na bahati mbaya. Kwa maneno mengine, niliuziwa kwa laki nne haki ya kupokea pesa yangu kwa wiki 12 badala ya wiki 29. Na bei hiyo haikuandikwa popote, kwa sababu iliandikwa ndani ya mchezo wenyewe.

Wastani pia ni neno la vitabuni. Mtu mmoja hapati wastani, anapata alichopata. Mimi katika wiki mbili za kutafuta dhahabu nilipoteza 1,150,000. Ombi langu la kutoa la wiki ya nne lilikaa "linashughulikiwa" kwa saa 72, na kando yake kulikuwa na kitufe cha kulifuta. Nilikifuta usiku wa pili, nikarudisha ile laki moja kwenye salio, kwa sababu nilikuwa karibu kufika. Wiki ya tano nilitoa 100,000. Wiki ya sita nikapanda daraja, nikatumiwa picha ya taji la dhahabu, nikatoa 250,000. Salio likabaki 1,400,000. Ploti ilikuwa imeshauzwa.

Wiki ya saba, ya nane na ya tisa sitazieleza. Nilikuwa nafuata kilichopotea. Wanaojua wanajua.

Kosa ni langu? Ndiyo, nilibonyeza mimi. Lakini niulize hivi: kama milioni 3.2 zingeingia benki Alhamisi ya kwanza, je, ningezitoa benki, nizirudishe M-Pesa, nizitume kwa nambari yao ya Paybill, laki mbili na nusu kila mara, mara 10 na zaidi, nikiingiza PIN kila mara? Labda ningepoteza laki moja kwa ujinga. Labda mbili. Anayetunga sheria za kasino anajua jibu kuliko mimi, kwa sababu yeye anaona takwimu za maelfu ya watu kama mimi. Angekuwa hajui, asingeweka kitufe cha kufuta karibu na ombi la kutoa, na asingekipaka rangi.

Kuna hoja moja ya mwisho wanayoipenda, na inasemwa hata na watu wazuri: mafungu yanamlinda mshindi. Kijana akipewa milioni zote mara moja atazimaliza kwa vileo na magari. Nitaijibu kwa mfano wa mahali ambapo mafungu ni ya kweli.

Marekani kuna bahati nasibu iitwayo Powerball. Jakpoti inayotangazwa pale kwa kweli hulipwa kwa mafungu 30 katika muda wa miaka 29. Lakini angalia tofauti. Kwanza, mshindi huchagua: mafungu, au kiasi kidogo zaidi papo hapo. Novemba 2022 jakpoti ilifika dola bilioni 2.04, na tiketi iliyoshinda iliuzwa California. Aliyechagua kulipwa mara moja alipewa dola milioni 997.6 kabla ya kodi. Yaani wao wenyewe wanakiri hadharani kwamba pesa ya leo na pesa ya miaka 29 ijayo si kitu kimoja, na wanatangaza bei ya zote mbili. Pili, anayechagua mafungu hapewi fungu lile lile miaka yote. Kila fungu linazidi lililotangulia kwa asilimia 5. Tatu, hakuna kitufe cha kufuta. Pesa ya mafungu haiwezi kuchezewa ukiwa umelala chali saa nane usiku.

Ukitaka kunilinda, nilinde hivyo. Nipe hiari, nilipe kwa muda ninaosubiri, na uiondoe pesa mezani. Kampuni yangu haikufanya hata moja kati ya hayo matatu. Hata chama cha akina mama cha mtaani kwetu kina nidhamu kuliko hiyo: kila mtu anajua zamu yake tangu siku ya kwanza, na mwekahazina hachezi na zamu ya mtu karata akisubiri.

Na kuna hatari nyingine ambayo mafungu yanamtwika mshindi kimya kimya. Wakati unasubiri, wewe ni mdai. Huna dhamana, huna hati, una skrinishoti. Kumbukeni Julai 2019. Serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti hapa Kenya, zikiwemo zile kubwa mbili ambazo nembo zao zilikuwa kwenye kila jezi na kila matatu, na ikaagiza nambari zao za malipo zifungwe. Kufikia mwishoni mwa Septemba, SportPesa na Betin zilikuwa zimetangaza kusimamisha shughuli nchini. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtu ambaye, mwezi Mei mwaka huo, angekuwa ameambiwa na kampuni yoyote kwamba atalipwa laki moja kwa wiki kwa wiki 32. Malipo ya wiki ya 10 yangemkuta wapi? Hii ni kampuni yenye ofisi Nairobi, yenye leseni, yenye mawakili. Yangu ilikuwa na leseni ya Curaçao, kisiwa cha Karibi ambacho kwa miaka mingi kiliacha kampuni chache zenye leseni kuu zigawe vibali vidogo kwa wengine, hadi sheria ilipobadilishwa Desemba 2024. Mimi nikitaka kulalamika nilalamike wapi? Huduma Centre?

Msinielewe vibaya, si kila jakpoti iko hivi. Zile jakpoti zinazokua, ambazo kila dau kutoka kasino nyingi huchangia sehemu ndogo kwenye mfuko mmoja, kwa kawaida hulipwa na mwenye mchezo kutoka kwenye mfuko huo. Ndiyo maana kasino nyingi huandika wazi kwamba kikomo cha kutoa hakihusu jakpoti za aina hiyo. Pesa imeshakusanywa, haitoki mfukoni mwao, kwa hiyo hawana haja ya kuichelewesha. Hilo peke yake linakuonyesha kikomo kinalinda mfuko wa nani.

Wala si kweli kwamba masharti yakiandikwa basi yamekuwa msahafu. Januari 2018 Mwingereza mmoja, Andrew Green, alishinda zaidi ya pauni milioni 1.7 kwa mchezo wa karata wa mtandaoni. Kampuni, Betfred, ikasema mchezo ulikuwa na hitilafu, na ikaonyesha vifungu vyake vinavyoiruhusu isilipe. Aprili 2021 Mahakama Kuu ya London ikaamua kwamba alipwe. Mahakama iliona kwamba vifungu vile havikuwa wazi vya kutosha kuhusu hali iliyotokea, na kwamba vilifichwa ndani ya maandishi marefu bila mteja kuelekezwa kwavyo ipasavyo. Ilimchukua miaka mitatu na mawakili. Lakini kanuni ni ile ambayo hata wakili wa Kisii au Kibera angeweza kuisimamia: huwezi kuzika mwiba ndani ya kurasa 40 za maandishi madogo halafu umlaumu aliyekanyaga.

Sisi tumepata sheria mpya ya kamari, ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Ile ya zamani iliandikwa kabla babangu hajavaa suruali ndefu. Chini ya hii mpya kuna mamlaka mpya, na mamlaka hutunga kanuni. Mijadala yote ninayoisikia ni ya ushuru, matangazo na umri wa wachezaji. Ni sawa. Lakini kwa wale watakaoendelea kucheza, na tusidanganyane kwamba watakuwa wachache, kuna mambo matatu ambayo yanaweza kuandikwa kwa ukurasa mmoja.

Mosi, kiasi kinachoonyeshwa kabla ya dau kiwe ndicho kitakacholipwa. Kama kuna kikomo, skrini isionyeshe senti moja zaidi yake.

Pili, mtu akiomba kutoa pesa, pesa hiyo itoke kwenye salio la kuchezea papo hapo, isirudi, na kitufe cha kufuta kiondolewe. Na daraja lolote linalouza kasi ya malipo kwa kuchezesha watu zaidi lipigwe marufuku. Hiyo haina tofauti na askari wa jela anayekuuzia ufunguo kila ukimpa sigara.

Tatu, anayetaka kulipa kwa mafungu aweke kiasi chote benki, kwa akaunti ya amana isiyo yake, siku ile ile ya ushindi. Alipe riba. Na mshindi awe na hiari ya kukataa mafungu. Kama kampuni haina pesa zote siku ya ushindi, basi ilitangaza jakpoti isiyokuwa nayo, na hilo lina jina lake kwa Kiswahili sanifu.

Hadi siku hiyo ifike, msomaji wangu unayesoma hii kwa matatu huku tabo nyingine iko kwa gemu, sikuombi uache. Sina mdomo huo. Nakuomba ufanye kitu kimoja kabla hujaweka shilingi yoyote. Fungua ukurasa wa masharti, na utafute maneno haya kama yalivyo: "maximum payout", "withdrawal limit", "instalments", "lifetime deposits". Ukikuta la mwisho karibu na la pili, funga ukurasa. Ukikuta "at our discretion" karibu na lolote kati ya hayo, funga ukurasa haraka zaidi. Kisha chukua ushindi mkubwa unaouota, ugawanye kwa kikomo cha wiki, na ujiulize kama unaweza kukaa wiki hizo zote bila kugusa. Mimi nilidhani naweza.

Zile 650,000 zilifanya kazi yake. Dadangu alilipiwa karo ya miaka miwili. Deni la ng'ombe liliisha. Nyumba ya mama bado iko kwenye linta, na nikienda nyumbani Disemba tunakaa nje yake, kwenye kivuli cha ukuta, tunakunywa chai. Hajawahi kuniuliza zile nyingine zilienda wapi. Mara moja tu, akinimiminia kikombe cha pili, alisema, "Si nilikwambia bado ni zao."